Futikamba moja, viwanja vitatu

"Shikamoo mzee. Nafundisha michezo shule ya msingi. Tuna eneo tambarare la mita 150 kwa 80, futikamba moja ya mita 50, kamba za katani na vigingi, basi. Nataka kupima kiwanja cha riadha, cha mpira wa miguu na cha netiboli kabla ya mashindano ya UMITASHUMTA. Kila mwaka tunakadiria kwa hatua, na watoto wakifika wilayani muda wao hauendani na ule tulioupima nyumbani. Naanzia wapi?"

Marahaba, mwalimu. Anza kwa kuisahau mita 400. Kiwanja cha riadha cha kawaida kina sehemu zilizonyooka za mita 84.39 na kona zenye nusu kipenyo cha mita 36.50, na hata ukikipa njia nne tu kinakula zaidi ya mita 167 kwa urefu. Wewe una 150. Nimeona shule nyingi zikiibana mita 400 kwenye eneo kama lako, kona zinakuwa bapa kama yai, na mwisho wa siku hakuna anayejua mtoto amekimbia mita 380 au 410. Pima mita 300 zilizo sahihi. Mbio za 1500 zitakuwa raundi tano kamili, za 3000 raundi kumi, na hizo 200 na 400 zitaangukia mahali pazuri kuliko unavyofikiri. Nitakuonyesha.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu kamba. Kamba ya katani kazi yake ni kunyoosha mstari. Kupima ni kazi ya futikamba. Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya nyuma tulikuwa tunachora kiwanja cha shule fulani, tukapima kamba ya katani kwa urefu wa nusu kipenyo, tukafunga fundo, tukachora kona ya kwanza alfajiri nyasi zikiwa na umande. Tukaenda kunywa chai. Jua lilipokuwa kali tukachora kona ya pili kwa kamba ileile na fundo lilelile. Kona ya pili ilipofika mwisho ikakipita kigingi chake kwa kama futi moja. Katani ikilowa hujikunja, ikikauka hurefuka. Kamba ya nailoni nayo haikauki wala hailowi sana, lakini huvutika kadiri ya nguvu za anayeivuta. Na kosa la nusu kipenyo ni kosa ghali: ukikosea sentimita 10 kwenye kona, raundi nzima inapotea kwa sentimita 63.

Kwa hiyo kagua futikamba yako kwanza. Tazama sifuri inaanzia wapi. Zipo ambazo sifuri ni ukingo wa nje wa ile pete ya mwanzo, na zipo ambazo sifuri imechorwa ndani kidogo. Nyingi za shule pia zimekatika mwanzo, mtu akafunga waya na kuendelea kuitumia. Ikiwa yako ni hiyo, shika kwenye alama ya mita 1 kila mara na uongeze mita 1 kwenye kila kipimo, na aliye upande wa pili aambiwe hivyo kwa sauti kila unapopima. Mvutano uwe uleule siku nzima, wa kuondoa tumbo tu.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa kuwa kiwanja chako hakina ukingo ulioinuka bali mstari wa chokaa, mkimbiaji wa njia ya kwanza huhesabiwa kuwa anakimbia sentimita 20 nje ya mstari wa ndani. Nimechagua nusu kipenyo cha mita 27.00 kwa mstari huo. Mkimbiaji basi yuko mita 27.20 kutoka kitovu, na kona zake mbili kwa pamoja ni duara moja kamili: 2 × 3.1416 × 27.20, yaani mita 170.90. Zinazobaki kufikia 300 ni mita 129.10. Gawanya kwa mbili, kila upande ulionyooka ni mita 64.55. Ukiweka njia sita za mita 1.22 kila moja, kiwanja chote kinakuwa mita 133.19 kwa urefu na 68.64 kwa upana. Kinaingia kwako na nafasi inabaki pembeni.

Tafuta mstari wa katikati wa eneo, ule unaoligawa kwa urefu. Pima mita 40 kutoka ukingo kwenye ncha zote mbili, vuta kamba kati ya vigingi hivyo. Huo ndio uti wa mgongo, na vipimo vingine vyote vitauegemea. Katikati ya uti huo, mita 75 kutoka kila ncha, piga kigingi K. Kutoka K pima mita 32.27 na nusu sentimita kila upande, upate kigingi A na kigingi B. Kisha pima A hadi B moja kwa moja, mita 50 halafu 14.55. Zisipofika 64.55, rekebisha sasa hivi. Kosa la hapa litakufuata hadi jioni.

Juu ya kila kigingi piga msumari. Kipimo kinaanzia kwenye msumari. Ukizungusha futikamba au kamba kwenye mwili wa kigingi, itakuwa inajiviringisha kadiri unavyozunguka kona: kigingi chenye unene wa sentimita 5 kinameza karibu sentimita 8 kwa nusu mzunguko. Kona itaanza vizuri na kuishia ndani, na utabaki unamlaumu aliyeshika ncha.

Hapa mafundi wa nyumba hupenda kutengeneza pembe mraba kwa 3, 4, 5. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini pembetatu ya mita tatu ni ndogo mno kwa uwanja. Kosa la sentimita 2 kwenye mita 3 linakuwa sentimita 60 ukifika mita 90. Sisi tutafanya vingine, wala hatutahitaji kutengeneza pembe mraba hata moja.

Simama K ukitazama A. Kona mbili za mstatili wako ziko kulia na kushoto kwa A, kila moja mita 27 kutoka A. Ya kulia iite C, ya kushoto iite D. Kutoka K hadi C ni mita 42.08, na hadi D vivyo hivyo. Basi: mtu mmoja ashike futikamba kwenye msumari wa A, wewe vuta hadi mita 27.00 na uchore kwa kijiti upinde mfupi ardhini, kama mita moja, mahali unapokisia C ipo. Hamisha futikamba kwenye K, vuta hadi 42.08, chora upinde mwingine unaoukata ule wa kwanza. Panapokatana ndipo kigingi C kinapopigwa. Fanya hivyo kwa D. Geuka uelekee B, fanya hivyohivyo upate E upande wa D na F upande wa C.

Umeshapata kona nne bila kutengeneza pembe. Jaribio lake ni hili: pima F hadi C na E hadi D. Pande zote mbili zisome 64.55. Sentimita moja au mbili za tofauti zisikunyime usingizi. Ukiona upande mmoja umezidi kwa sentimita 10 na mwingine umepungua kwa kiasi kama hicho, basi kigingi kimoja cha kati hakikuwa juu ya uti. Simama nyuma ya A, fumba jicho moja, utazame K na B: vitatu vifichane.

Kona zenyewe sasa ni rahisi. Pete ya futikamba iwe kwenye msumari wa A, mita 27.00 mkononi, tembea kutoka C hadi D ukipiga kigingi kidogo kila baada ya hatua tatu nne. Kigingi cha mwisho kikianguka juu ya D, kona imekubali. Rudia kwa B kutoka E hadi F. Halafu fanya jambo ambalo wengi huliruka: laza futikamba sentimita 20 nje ya vigingi hivyo na upime urefu wa kona ukiufuata mviringo, mita 50 kwanza, kisha zilizobaki. Jumla iwe mita 85.45. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilishangaa nikiona kona niliyoiamini imepungua kwa zaidi ya sentimita 30. Kumbe msaidizi alikuwa ameshika alama ya 26.90.

Njia nyingine za kukimbilia zisipimwe moja kutoka kwa jirani yake. Makosa madogo hujumlishana, na njia ya sita inakuwa nyembamba, mtoto anakimbia akipigana viwiko. Pima zote kutoka A na B: mita 28.22, 29.44, 30.66, 31.88, 33.10, na mstari wa nje 34.32. Kwenye sehemu zilizonyooka, kutoka C, D, E na F kwenda nje, alama ziwe 1.22, 2.44, 3.66, 4.88, 6.10 na 7.32. Ukiona hiyo 7.32 inafanana na upana wa goli la mpira, si macho yako. Njia moja ni futi 4, goli ni futi 24.

Watoto wakimbie mkono wa kushoto ukiwa ndani. Wanatoka F kwenda C, wanazunguka A hadi D, wanaenda E, wanazunguka B, wanarudi F. Mstari wa kumalizia mbio zote uweke C, ukivuka njia zote sita. Mita 100 haziingii kwenye 64.55, kwa hiyo urefushe mstari wa F kwenda nyuma, nje ya kona, mita 35.45. Hapo usitumie kukisia. Weka fito tatu, mbili juu ya mstari wa C na F, ya tatu huko nyuma, zifichane. Kisha pima kutoka C mita 50 na mita 50 tena. Unaangukia mita 7 na kidogo kabla ya ukingo wa eneo lako, nafasi ya kutosha kwa watoto kujipanga nyuma ya mstari.

Sasa hiyo mistari ya kuanzia inayopishana, ambayo ndiyo huwavuruga walimu. Mtoto wa njia ya pili anazunguka duara lililo mita 1.22 mbali zaidi na kitovu, kwa hiyo kwa raundi nzima anakimbia 2 × 3.1416 × 1.22 zaidi, yaani mita 7.67. Wa tatu mara mbili ya hapo, na kuendelea. Angalia kwamba nusu kipenyo cha kiwanja hakimo kwenye hesabu hiyo. Kiwanja kiwe cha mita 200, 300 au 400, pengo ni lilelile, na kwa mbio zenye kona moja tu ni nusu yake, mita 3.83. Ukikuta jedwali la kiwanja cha kisasa linasema njia ya pili ianze mita 7.04 mbele, usilinakili. Hilo ni la kiwanja chenye ukingo ulioinuka, ambako njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka ukingo na nyingine sentimita 20 kutoka mstari. Kwako wewe zote ni 20.

Na hapa ndipo mita 300 inapokulipa. Nusu raundi yako ni mita 150 kamili, kwa hiyo mbio za 200 zinaanza mita 50 kabla ya E, kwenye upande ulionyooka wa nyuma, na zina kona moja. Kutoka E kurudi kuelekea D pima mita 50.00 kwa njia ya kwanza, 46.17 ya pili, 42.33 ya tatu, 38.50 ya nne, 34.67 ya tano na 30.84 ya sita. Kila njia ipimwe kwenye njia yake, kuanzia pale mstari wa B na E unapoikata. Mbio za 400 ni mita 100 pamoja na raundi moja, maana yake zinaanza palepale zinapoanzia za mita 100. Kutoka C kurudi nyuma: 100.00, 92.33, 84.67, 77.00, 69.34, 61.67. Mistari yote kumi na miwili imeangukia sehemu zilizonyooka. Hakuna hata mmoja unaokulazimu kupima kwenye mviringo, na huko kwenye mviringo ndiko makosa huzaliwa.

Mpira wa miguu uingie ndani ya kiwanja cha riadha. Sheria inaruhusu urefu kuanzia mita 90 na upana kuanzia mita 45, na kwa bahati ndicho kipimo kinachoingia kwako. Vigingi ulishavipiga. Kutoka A endelea juu ya uti wa mgongo, ukikiacha K nyuma, mita 12.73. Hapo ni katikati ya goli, papatie herufi G. Kona ya uwanja iko pale mita 22.50 kutoka G zinapokutana na mita 25.85 kutoka A, kwa pinde mbili kama ulivyofanya mwanzo. Kona nne zikishapatikana, pima mistari ya pembeni, mita 90 kila mmoja, na ya magoli, mita 45. Kibendera cha kona kitakuwa mita moja na kidogo tu kutoka njia ya kwanza, kwa hiyo siku ya riadha ving'olewe vyote, na siku ya mpira anayepiga kona aambiwe asishangae akijikuta anaanzia kwenye njia ya wakimbiaji.

Ndani ya kumi na nane, ambayo jina lake ni la yadi, pima kwa mita. Kutoka G kwenda kila upande juu ya mstari wa goli ni mita 3.66 hadi ukingo wa ndani wa nguzo, 9.16 hadi boksi dogo, 20.16 hadi boksi kubwa. Boksi kubwa linaingia uwanjani mita 16.50, na kona yake ya mbele iko mita 26.05 kutoka G. Boksi dogo linaingia 5.50, kona yake iko mita 10.68 kutoka G. Kwa hiyo tena ni pinde mbili, hakuna kukisia. Kwenye uwanja wa upana wa mita 45 boksi kubwa litaacha mita 2.34 tu kila upande, na mtu atakuja kukwambia umekosea. Hujakosea. Kwa watoto wadogo sheria inaruhusu kupunguza vipimo, lakini wale watakaokwenda wilayani mimi ningewaachia boksi kamili, golikipa azoee umbali wake.

Penalti ni mita 11 kutoka G juu ya uti. Ule upinde wa mbele ya boksi, nimeuona umekosewa mara nyingi kuliko mstari mwingine wowote, kwa sababu watu husimama kwenye mstari wa boksi wakachora nusu duara la macho. Kitovu chake ni doa la penalti, nusu kipenyo mita 9.15, na kinachochorwa ni kile tu kilichotokeza nje ya boksi. Ukiwa sahihi, utatokeza mita 3.65 mbele ya boksi, na miguu yake miwili itaachana mita 14.62. Duara la kati ni 9.15 hiyohiyo kutoka K. Upinde wa kona ni mita 1.

Netiboli haitapata nafasi kwenye eneo hilo. Pande za riadha zimebaki na kama mita 5 au 6 tu. Tafuta mahali karibu na madarasa, penye angalau mita 37 kwa 22, ili mchezaji anayetoka nje asigonge ukuta. Kiwanja chenyewe ni mita 30.50 kwa 15.25. Piga mstari mmoja wa goli wa mita 15.25 kwa vigingi viwili, viite M na N. Kona inayotazamana na M iko pale mita 30.50 kutoka M zinapokutana na mita 34.10 kutoka N. Kwa N fanya kinyume chake. Mwishoni pima mstari wa goli wa pili: ukisoma 15.25, umemaliza. Pande zote nne zinaweza kuwa sahihi na kiwanja bado kikawa kimelala upande kama kitanda kilicholegea. Kinachokamata hilo ni mshazari tu, kwa hiyo usiruke ile 34.10.

Theluthi zake ni mita 10.17 na 20.33 kutoka mstari wa goli. Walimu wengi hukata 10 na 10, sehemu ya kati inabaki na nusu mita ya ziada. Nusu duara la kufungia lina nusu kipenyo cha mita 4.90 kutoka katikati ya mstari wa goli. Si upana wake huo. Miguu yake lazima iachane mita 9.80, na kila upande ibaki mita 2.72 hadi kona. Kiduara cha kati ni kipana sentimita 90, yaani kamba ya 45. Nguzo inasimama katikati ya mstari wa goli, pete iwe mita 3.05 kutoka ardhini, na urefu huo upimwe baada ya kuifukia nguzo.

Ukifika kwenye chokaa, kuna sheria moja inayofaa viwanja vyote vitatu: kamba iko kwenye ukingo wa nje wa mstari, chokaa inamwagwa upande wa ndani wa kamba. Mistari ya mpira na ya netiboli ni sehemu ya uwanja wake, na upana wa njia ya riadha unahesabu mstari wake wa nje. Mistari ya kuanzia nayo iko ndani ya umbali, chokaa inamwagwa mbele ya kamba. Wa kumalizia pekee ndio tofauti: chokaa yake iangukie ng'ambo ya C, ili mita 100 iishe mstari unapoanza. Mistari ya riadha na netiboli iwe sentimita 5. Ya mpira isizidi 12.

Chokaa isiyozimwa usiipeleke uwanjani. Inaunguza ngozi yenye jasho na macho ya golikipa anayeanguka. Hata iliyozimwa wasiimwage watoto, na asubuhi ya upepo subiri. Majivu ya kuni yaliyochekechwa yanatosha kwa mazoezi, au kata nyasi kwa jembe kwenye mstari, upana wa kiganja, chokaa iwekwe siku ya mashindano tu. Oili chafu ya gari inaua nyasi vizuri sana, na ikishaingia kwenye udongo huwezi kuusogeza mstari uliokosea.

Kabla hujang'oa vigingi, tafuta vipande saba vya nondo vya nusu mita. Vizamishe kwenye A, K, B, C, D, E na F, vichwa vikae kiganja kimoja chini ya ardhi, ufukie ili mguu wa mtoto usikutane navyo. Kisha kutoka K pima hadi kona mbili za jengo lisilohama, sema pembe mbili za ukuta wa darasa la saba, na kutoka A vilevile, unganisha vipimo kwa vipande kadiri futikamba itakavyohitaji. Viandike nyuma ya jalada la daftari la michezo, si kwenye karatasi ya pembeni. Mwakani mvua zikishafuta kila kitu, utavuta pinde mbili kutoka kwenye ukuta huo, utachimba kwa kisu, na nondo italia.